Sevu Zimeharibika, Toleo Linaahirishwa: Namna ya Kuwaambia Wachezaji

Ripoti ya kwanza huwa fupi, na mara nyingi imeandikwa kwa hasira: nimefungua gemu, kombi zangu zote hazipo. Mwenzako atasema labda jamaa amefuta mwenyewe. Subiri ya pili. Ikifika ya tatu inayosema yaleyale, acha kubishana, chemsha chai, mna kazi ya usiku kucha.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao. Timu ni ya watu watatu, chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Glenwood, Durban. Gemu yao ni ya biashara ya usafiri: unaanza na kombi moja kuukuu pale stendi ya Warwick, unapeleka abiria Umlazi na kurudi, unakusanya nauli, unanunua kombi ya pili, unaajiri dereva. Wachezaji wengine wana saa 60 ndani yake. Toleo 1.4 limetoka Ijumaa (usitoe toleo Ijumaa, lakini tuendelee). Toleo 1.5, lenye njia mpya za kwenda Pinetown, limeahidiwa tarehe 16 Desemba, siku ya mapumziko ambayo nusu ya jiji huwa ufukweni na nusu nyingine huwa nyumbani mbele ya kompyuta. Jumapili jioni ripoti tano zinaingia ndani ya nusu saa.

Kabla ya kuandika neno lolote kwa wachezaji, zuia madhara yasienee. Kwenye Steam ni rahisi mno kuchagua build ya zamani na kuirudisha hewani kwa dakika chache, na hapo ndipo timu ndogo nyingi hujimaliza. Jiulize kwanza: toleo 1.3 likikutana na sevu iliyoandikwa na 1.4 litafanya nini? Kama 1.4 ilibadilisha mpangilio wa faili, 1.3 haitalielewa. Na kama miaka miwili iliyopita mliandika kwamba gemu ikishindwa kusoma sevu ianze mchezo mpya, basi kwa kurudisha 1.3 mtawafutia hata wale ambao sevu zao zilikuwa nzima. Chukua sevu nzima ya 1.4, ifungue kwa 1.3 kwenye mashine yako, uangalie. Inachukua dakika 5.

Katika mfano wetu jaribio linaonyesha hivyohivyo: 1.3 inaanza upya kimya kimya, na mchezaji akifika gereji jioni inasevu juu ya faili la zamani. Kurudi nyuma hakuwezekani. Kinachobaki ni kutoa toleo dogo la dharura lenye mabadiliko mawili tu: kuzima kusevu kunakojiendesha, na kuifanya gemu isimame na kuonyesha ujumbe inapokuta sevu isiyosomeka, badala ya kuanza upya. Kwa wale wa Android, Google Play hukuruhusu kusitisha usambazaji wa toleo linalotolewa kwa awamu, lakini waliokwisha kulipata hubaki nalo. Simu haitakubali namba ya toleo iliyo ndogo kuliko iliyopo. Lazima uende mbele.

Sasa andika. Ujumbe wa kwanza hutoka kabla hujajua chanzo, na ndiyo maana lazima uwe mfupi:

> Wachezaji kadhaa wamepoteza sevu baada ya kupata toleo 1.4. Tatizo lipo kweli, na si kosa lenu. Tafadhali msifungue gemu kwa sasa, hata kwa kuangalia tu. Kama sevu yenu bado ipo, nakilini folda ya gemu iliyo ndani ya `%USERPROFILE%\AppData\LocalLow` muiweke mahali pengine. Kama imeharibika, nakilini hivyohivyo, msifute. Chanzo bado hatujakijua. Tutaandika tena leo saa 20:00 za Durban, hata kama hatutakuwa na jibu.

Maneno "hata kwa kuangalia tu" yana sababu. Mtu akisikia sevu zinaharibika, jambo la kwanza atakalofanya ni kufungua gemu aone kama yake ni salama. Akiifungua kwa 1.4, na sevu yake haisomeki, gemu itaanza upya na kuandika juu ya mabaki. Huenda mabaki hayo yangeokolewa. Vivyo hivyo kuhusu Steam Cloud: faili bovu likiwa na tarehe mpya kuliko lile zima lililoko kwenye seva, linaweza kupandishwa na kulifunika. Mchezaji mwenye kompyuta ya pili ambayo haijawashwa tangu Alhamisi ana hazina mkononi, mradi asiiwashe ikiwa na intaneti. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Kisha mwelekeze azime Steam Cloud ya gemu hiyo kwenye Properties kabla hajaunganisha mtandao.

Andika 20:00, usiandike saa mbili. Wachezaji wako wanaosoma Kiswahili pale Point, Durban, wengine wanatoka Bukavu, wengine Tanga, wengine Mombasa, na wapo ambao kwao saa mbili ni 2:00, si 20:00. Durban iko saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Liseme hilo pia.

Baada ya hapo tafuta chanzo, kwa sababu tangazo la pili litasimama juu yake. Wengi hukimbilia kusoma msimbo wote wa 1.4. Anza na waathirika. Waulize mambo matatu tu: kompyuta yako ni ya mezani au ya mapajani, mara ya mwisho gemu ilifungwaje, na je, unaweza kututumia faili lenyewe hata kama linaonekana tupu?

Tuseme zimefika ripoti 14. Kati yake 13 ni za kompyuta za mezani, na ile moja ya mapajani mwenyewe anakiri betri ilikufa zamani, anaitumia kwa waya. Hakuna aliyefunga gemu mwenyewe. Wote umeme ulikatika wakicheza, na ukipanga saa zao unaona zimekaa kwa mafungu: wanne dakika ileile, watano dakika nyingine, kwa sababu mtaa mzima huzimika pamoja. Aliyeishi Afrika Kusini mwaka 2022 na 2023 anaujua mgao wa Eskom na ratiba zake. Siku hizi mgao umepungua sana, lakini nyaya huibwa, transfoma hulipuka, mvua ya Durban hufanya yake. Umeme bado hukatika bila kuaga.

Kisha fungua mafaili. Kwenye PowerShell amri hii hukuonyesha baiti zilizomo:

```
Format-Hex sevu.dat
```

Tisa yana urefu wa baiti 0. Matano yana urefu sahihi kabisa, lakini ndani yake ni sufuri tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Aina hizo mbili zinaeleza hadithi mbili tofauti, na ni vema uzielewe zote, maana dawa ya aina ya kwanza haitibu ya pili.

Faili la baiti 0 linatokana na mstari mmoja usio na hatia machoni:

```csharp
File.WriteAllBytes("sevu.dat", data);
```

Amri hii hulimaliza kwanza faili lililopo, halafu ndiyo huanza kuandika jipya. Kati ya vitendo hivyo viwili kuna muda mfupi ambapo sevu ya zamani imeshatoweka na mpya haijazaliwa. Umeme ukikatika hapo, huna yoyote. Mstari huo ulikuwepo tangu toleo 1.0 bila kelele, kwa sababu gemu ilisevu mara moja tu, mchezaji alipofika gereji jioni. Toleo 1.4 lilileta kusevu kila dakika moja, na faili likakua kwa sababu sasa kila abiria anakumbukwa. Kosa ni lilelile la zamani, ilichofanya 1.4 ni kuongeza idadi ya nafasi ambamo linaweza kutokea.

Faili la sufuri tupu linatoka mahali pengine. Unapoandika faili, Windows haipeleki data kwenye diski papo hapo. Huiweka kwanza kwenye kumbukumbu na kuipeleka baadaye kidogo. Lakini taarifa kwamba faili lipo na lina urefu fulani inaweza kutangulia kufika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, unabaki na nyumba yenye namba mlangoni na hakuna mtu ndani. Kwa hiyo hata ukiandika faili la pembeni kisha ukabadilisha jina, bado unaweza kukuta sufuri, kama hukuilazimisha data ishuke kwanza.

Dawa ya yote mawili ni fupi:

```csharp
using (var f = new FileStream("sevu.tmp", FileMode.Create))
{
    f.Write(data, 0, data.Length);
    f.Flush(true);
}
File.Replace("sevu.tmp", "sevu.dat", "sevu.bak");
```

Unaandika kwenye faili la pembeni. `Flush(true)` inaitaka Windows iishushe data kwenye diski sasa hivi, na gemu inasubiri. Kisha `File.Replace` inaliweka jipya mahali pa la zamani, na la zamani linabaki kama `sevu.bak`. Umeme ukikatika wakati wowote, angalau faili moja zima linabaki. Kumbuka kwamba `File.Replace` hugoma kama `sevu.dat` haijakuwepo kabisa, kwa hiyo kwa sevu ya kwanza tumia `File.Move`. Ongeza pia hesabu ya uhakiki mwanzoni mwa faili, kama CRC32, ili gemu inapofungua ijue kama faili ni zima, na likiwa bovu ichukue `sevu.bak` na imwambie mchezaji kwamba imefanya hivyo.

Sasa jaribu, na hapa usijidanganye. Watu hujaribu kwa kuiua gemu ghafla kwa `taskkill /F` wakati inasevu. Hilo litakuonyesha faili la baiti 0, lakini halitakuonyesha kamwe faili la sufuri tupu, kwa sababu gemu imekufa ila Windows iko hai, na data iliyokuwa kwenye kumbukumbu itashuka tu kama kawaida. Unahitaji mashine nzima ife. Si lazima uchomoe waya wa kompyuta yako hadi diski ilie. Weka gemu ndani ya mashine pepe ya VirtualBox, na uikatie umeme wa bandia:

```
VBoxManage controlvm "Win10" poweroff
```

Andika skripti iwashe, iache gemu isevu kila sekunde, ikate kwa muda wa kubahatisha, iwashe tena na kukagua faili. Ianze na msimbo wa zamani. Kama msimbo wa zamani hauharibu sevu kwenye jaribio lako, jaribio lako halifai, na kufaulu kwa msimbo mpya hakumaanishi kitu. Ukishaliona kosa kwa macho yako, weka msimbo mpya na ukate mara 300. Kwa kanuni ya takwimu inayojulikana kama kanuni ya tatu, mara 300 bila kosa hukuruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kosa hutokea chini ya mara 1 kwa kila mikato 100. Hairuhusu kusema kwamba halitatokea kamwe. Zipo diski za bei rahisi ambazo huitikia kuwa zimeandika kumbe hazijaandika, na msimbo wako hauna la kufanya juu yake zaidi ya kuwa na `sevu.bak`.

Hili lote ni la nini katika mwongozo wa kuandika tangazo? Kila sentensi ya tangazo la kweli inatokana na moja ya hatua hizo. Usipojua aina mbili za mafaili, huwezi kuwaambia nani atarejeshewa na nani hatarejeshewa. Usipokata mara 300, huna namba ya kuandika ila maneno ya kutuliza.

Uamuzi wa kuahirisha 1.5 nao unatoka humohumo. Toleo 1.5 linabadilisha mpangilio wa sevu kwa ajili ya njia mpya. Ukilitoa pamoja na dawa, halafu sevu moja ikaharibika, hutajua ni dawa iliyoshindwa au ni mpangilio mpya. Kwa hiyo dawa itoke peke yake kama 1.4.1, ikae mikononi mwa watu, na 1.5 isubiri. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, na mchezaji ambaye hajawahi kuona msimbo maishani mwake ataielewa ukimweleza hivyo.

Tangazo lenyewe linaweza kuwa hivi:

> Toleo 1.5 halitatoka tarehe 16 Desemba.
>
> Toleo 1.4 lina kosa linaloharibu sevu umeme ukikatika wakati gemu inasevu. Tumepokea ripoti 14. Wapo wengine ambao hawajatuandikia. Wanaotumia kompyuta ya mezani bila betri ya akiba ndio walio hatarini. Mwenye kompyuta ya mapajani yenye betri nzima hajaguswa na kosa hili.
>
> Umeme ndio uliokatika, lakini kosa ni letu. Gemu ilifuta sevu ya zamani kabla ya kumaliza kuandika mpya. Msimbo huo tuliuandika vibaya tangu toleo la kwanza, na 1.4 ilipoanza kusevu kila dakika, tukaupa nafasi nyingi zaidi za kudhuru. Hatukujaribu kukata umeme kabla ya kulitoa.
>
> Mafaili yote 14 tuliyotumiwa hayana data ndani yake na hatuwezi kuyarejesha. Ukiwa na picha ya skrini ya gereji yako, au hata ukikumbuka idadi ya kombi, madereva na fedha, tuandikie. Tutakutengenezea sevu inayokaribiana nayo kwa mkono.
>
> Toleo 1.4.1 linatoka Alhamisi, MB 38, na lina marekebisho ya kusevu peke yake. Toleo 1.5 litafuata baada ya hapo. Hatutataja tarehe yake leo. Ijumaa tarehe 19 saa 20:00 za Durban tutawaambia tumefikia wapi.

Sentensi ya kwanza ni ile habari mbaya. Usiifiche chini ya shukrani kwa wachezaji wapendwa. Anayetafuta tarehe aione, afunge, aendelee na shughuli zake. Neno "wachache" halimo. Kila timu huandika kwamba tatizo limewagusa wachezaji wachache, na aliyepoteza saa 60 husoma hapo kwamba yeye si kitu. Andika 14, na useme kuwa ni wale waliowafikia.

Kuhusu Eskom na manispaa: kishawishi ni kikubwa. Kuwatupia lawama kungechekesha na kungekubalika, maana nchini humo hakuna asiyewalalamikia. Lakini mchezaji ana programu nyingine kumi ambazo umeme hukatika nazo na hazipotezi kitu. Analijua hilo hata asipoweza kulieleza.

Ahadi ya tarehe ya habari badala ya tarehe ya toleo ndiyo inayoipa timu pumzi. Tarehe ya habari unaweza kuitimiza hata kazi ikikwama. Ila itimize kweli; ikifika Ijumaa 20:01 na kimya, heri usingeitaja. Na ukubwa wa kupakua usiuache: bando la intaneti ni ghali, na kuna mtu atakayeamua kwa MB 38 hizo kama apakue leo kwa simu au asubiri afike kazini.

Maelezo ya toleo 1.4.1 sasa yanakuwa rahisi, kwa sababu tangazo limeshafanya kazi nzito. Mtego ni ile sentensi ya kivivu ambayo kila mtu ameizoea: "Tumerekebisha hitilafu mbalimbali za kusevu." Mchezaji hawezi kuitumia. Hajui kama sevu yake itarudi, wala kama awashe gemu. Linganisha na CD Projekt, kampuni kubwa ya Poland, Desemba 2020. Katika Cyberpunk 2077 ya kompyuta, sevu iliyozidi MB 8 iliharibika. Ushauri wa mwanzo kwa wachezaji ulikuwa wapunguze vitu wanavyobeba, jambo lililowaudhi wengi, kwani lilifanana na kumlaumu abiria kwa uzito wake. Lakini maelezo ya toleo 1.06 yalisema mambo mawili wazi: kikomo cha MB 8 kimeondolewa, na sevu zilizokwisha kuharibika hazitatengenezwa na toleo hilo. Hilo la pili ndilo lililomwokoa mchezaji asipakue kwa tumaini la bure.

Kwa timu yetu ya Glenwood:

> 1.4.1
> Gemu sasa huandika sevu mpya pembeni na kuhakikisha imefika kwenye diski kabla ya kugusa ya zamani. Tumekata umeme mara 300 wakati wa kusevu. Hakuna sevu iliyopotea.
> Nakala ya sevu iliyotangulia huhifadhiwa kama `sevu.bak`. Sevu ikiwa mbovu, gemu itafungua nakala hiyo na kukujulisha.
> Kusevu kila dakika kumerudi. Unaweza kuzima kusevu huko kwenye Mipangilio.
> Toleo hili halirejeshi sevu zilizoharibika na 1.4.
> Bado halijarekebishwa: kwenye diski za zamani za kuzunguka, gemu hukwama kidogo inaposevu.

Mstari wa mwisho ni gharama ya `Flush(true)`: gemu inasubiri diski, na diski ya kuzunguka ni mzee. Usipoandika, kesho utapokea ripoti 20 za watu wanaodhani sevu zao zinaharibika tena kwa sababu wameona picha imeganda. Ukishaandika, watajua ni nini na watakusumbua kwa jambo lingine.

Zikianza kuja picha za skrini za wanaotaka kutengenezewa sevu, mmoja wenu apewe kazi hiyo na asifanye nyingine. Weka kiasi mchezaji anachokitaja, usibishane naye kuhusu kombi mbili. Atakayedanganya atajipatia kombi za bandia katika gemu ya mtu mmoja; hamjapungukiwa na chochote. Kwa kila sevu mtakayotuma, mwombe ahakikishe kwamba Steam Cloud bado imezimwa anapoiweka, aicheze, aifunge, aifungue tena, kisha ndiyo aiwashe. Hatua hiyo ikirukwa, lile faili bovu lililoko kwenye seva linaweza kushuka tena na kulifunika lile mlilomtengenezea.

Na maelezo ya 1.4, yale ya Ijumaa yaliyojisifia kusevu kila dakika, usiyafute. Yaache yalivyo, uongeze juu yake mstari mmoja wenye tarehe: toleo hili linaharibu sevu umeme ukikatika, tumia 1.4.1.